Ukuta wa Duka la Nyama

Siku Kishoka alipomtafunisha tarishi barua, mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Kishoka ni mdogo wangu, mimi ni dada yake wa tumbo moja, na tulikuwa tunaendesha bucha pamoja. Tarishi alitumwa na meneja wa jengo. Alitoa daftari lake, Kishoka akasaini kwa mkono wenye damu ya ng'ombe, akafungua bahasha, akasoma mstari mmoja kwamba kodi inapanda mara mbili. Basi akamkamata yule kijana shingoni, akamlaza chali juu ya gogo la kukatia nyama, akaichana barua vipande na kumshindilia mdomoni kimoja kimoja.

"Tafuna! Mwambie bosi wako nimejibu!"

Wateja walipiga makofi. Tarishi aliondoka analia na midomo imechanika, na sisi tukaendelea kuuza maini.

Aliyetuondolea kicheko ni binamu yetu, mtoto wa mjomba, ambaye ni wakili. Tulimpelekea mkataba wa pango baada ya kodi mpya kuanza kudaiwa kweli. Ofisi yake iko ghorofani, juu ya mtu anayeuza miwani, na viti vyake vimechoka kuliko wateja. Akausoma mkataba wote, kurasa zote, huku Kishoka akitikisa goti na mimi nikimkanyaga mguu atulie.

"Alisaini daftari la tarishi?" akauliza.

"Alisaini."

"Basi barua ilifika. Hata kama ilifika tumboni." Hakucheka. "Kifungu hiki cha kupitia kodi kinasema hivi: mwenye jengo akileta kodi mpya, mpangaji ana siku ishirini na moja za kupinga kwa maandishi. Akipinga, anaitwa mthamini, anaangalia soko. Asipopinga, kodi aliyoandika mwenye jengo ndiyo kodi. Siku zimepita, binamu."

"Mthamini angesema nini?" nikauliza.

"Nusu ya maduka pale chini ni matupu, buibui ndio wapangaji. Kushuka isingeshuka, maana mkataba unasema kodi ni kupanda tu au kubaki. Lakini isingepanda hata senti. Meneja alijua hilo. Alikuwa anaomba tu msijibu."

Nilimgeukia mdogo wangu nikampiga kibao cha uso pale pale, mbele ya wakili. Alistahili. Alishika shavu akaangalia chini.

Mtanielewa nikiwaambia dhamana ya mkataba ule ilikuwa nini. Ilikuwa nyumba ya mama. Nyumba aliyoijenga baba tofali kwa tofali kabla hajafa, na mama akaweka kidole gumba kwenye karatasi kwa sababu watoto wake walitaka bucha. Kwa kodi ile mpya tusingemaliza mwaka. Tukishindwa, mama anatolewa na godoro lake.

"Kuna mlango mmoja wa kutokea," binamu akasema, akageuza ukurasa. "Mwisho wa mwaka wa tano, ambao ndio huu, mnaruhusiwa kuuvunja mkataba kwa notisi ya miezi mitatu. Notisi nitaandika leo hii hii. Lakini una masharti mawili. La kwanza, siku ya mwisho msiwe mnadaiwa chochote. La pili, muwe mmerudisha duka katika hali ya awali. Mkikosa hata moja, notisi ni bure, mkataba unawafunga miaka mitano mingine."

"Hatudaiwi," Kishoka akafoka.

"Mnadaiwa gharama za huduma. Mgao wenu wa ulinzi, usafi, taa za korido. Na hapa ameingiza lifti mpya."

"Lifti! Bucha iko chini! Ng'ombe wangu wanapanda lifti?"

"Mkataba unasema matengenezo, hausemi kununua kitu kipya. Hilo tutamshinda, na atatuonyesha hesabu zilizokaguliwa. Ila tutamshinda baadaye. Sasa hivi lipeni yote, mkiandika kwamba mnalipa huku mnapinga. Ukigoma kulipa, unampa sababu ya kusema sharti la kwanza limevunjika."

Kishoka alisimama, akapiga ngumi mlango wa kabati la mafaili, mlango ukaingia ndani. Binamu akamwambia kwa upole kwamba na hilo atalilipa. Tuliuza pikipiki na mashine ya kusagia nyama, tukalipa lifti ambayo hatukuwahi kuipanda.

Likabaki sharti la pili. Sisi tulipoingia, palikuwa na vyumba viwili vidogo. Mwaka ule wa kwanza tukaomba kibali tukavunja ukuta wa katikati, tukaweka vigae, reli za kulabu na chumba cha baridi. Kibali chenyewe kilisema tukitoka tutaurudisha ukuta, wa matofali, na lipu pande zote. Tulisaini bila kusoma, kama watu wanaosaini kadi ya harusi.

Mama alipoelezwa, alimwita Kishoka akamkalisha chini mbele yake. "Hasira zako ndizo zimetufikisha hapa. Nataka uniahidi mikono yako itakaa mfukoni mpaka nyumba yangu irudi." Kishoka alimpigia magoti. Aliapa. Jitu zima lile, linaloangusha fahali kwa mikono, lilikuwa linatokwa machozi.

Tukaanza kubomoa. Meneja naye akaanza vituko. Mara kelele haziruhusiwi saa za biashara, na kweli sheria za jengo zilisema hivyo, kwa hiyo kila nyundo ikasubiri maduka yafungwe. Mara mlinzi kapoteza ufunguo wa geti, na saruji yetu inalala nje. Siku moja tulikuta mtu kakata nyaya za taa, na fundi wetu akaanguka kwenye ngazi gizani akapasuka nyusi. Kishoka alimeza. Niliona misuli ya shingo inacheza, lakini mikono ilikaa mfukoni. Chumba cha baridi kikatoka, reli zikatoka, vigae vikabanduliwa. Ukuta ndio ukachelewa. Fundi aliweka tofali la mwisho jana yake, na lipu akaipiga asubuhi ya siku yenyewe ya kukabidhi. Ilikuwa bado inatoa jasho.

"Msiuegemee," fundi akatuonya. "Ukikauka hata tembo hauangushi. Leo ni wa kutazamwa tu."

Kukabidhi kulikuwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Binamu alikuja na karatasi ya makabidhiano. Meneja alifika saa kumi, suti ya kijivu, na walinzi wawili wenye vifua kama magunia. Akazunguka na mkataba mkononi. Akachungulia dari, akahesabu matundu ya skrubu tuliyoziba, akagonga sakafu kwa kisigino. Kila alipopaza sauti, binamu alimfungulia kifungu. Akasema rangi. Binamu akamsomea kibali, rangi haimo. Akasema ukuta mbichi. Binamu akamsomea tena: ukuta wa matofali, lipu pande zote, hakuna mahali palipoandikwa mkavu.

Niliuona uso wake unabadilika. Alijua amekwisha. Nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana kwa miezi mitatu, nikamnyooshea funguo.

Hakuzipokea. Alimwangalia Kishoka, akatabasamu.

"Nasikia siku hizi unaweka mikono mfukoni. Mama kakukataza, eti? Mama mwenyewe alivyo, angejua kukataza, asingekuwa na watoto wa baba tofauti tofauti."

"Kishoka, toka nje," nikasema. "Toka sasa hivi. Anakutafuta."

Akageuka, wallahi aligeuka. Alikuwa amefika mlangoni. Nikamsukumia meneja funguo kifuani, nikamwambia, "Saini, mshenzi wewe, uondoke." Mlinzi mmoja akanipiga kofi la mgongo wa mkono. Nilihisi jino linaingia kwenye mdomo na damu ikanijaa. Nami sikunyamaza, nilimng'ata kidole mpaka nikasikia mfupa, akanibamiza kichwa kwenye kaunta ya zamani tuliyoikuta humo. Nilianguka na kupiga kelele. Laiti ningenyamaza.

Kishoka alirudi. Mlinzi wa kwanza alikula ngumi moja ya taya akalala. Wa pili, yule niliyemng'ata, alikamatwa masikio akagongwa uso kwenye ukingo wa kaunta, mara moja, mara mbili, meno yakadondoka kwenye sakafu tuliyoifagia. Binamu alimrukia mgongoni, akatupwa kama shati. Meneja alikuwa amebaki peke yake, anarudi nyuma, mikono juu.

"Usimguse!" nikapiga ukelele. "Kishoka, nyumba ya mama!"

Alimshika kola na mkanda, kama anavyobeba nusu ya ng'ombe kutoka kwenye gari, akamnyanyua, akamrusha.

Ukuta haukutoa hata kelele nyingi. Uligumia tu, matofali ya juu yakateleza, kisha katikati yote ikamwagika upande wa pili pamoja na meneja. Vumbi lilipotulia tulimwona amelala kwenye kifusi. Mguu wake ulikuwa umegeuka nyuma, na mfupa mweupe ulikuwa umetoboa suruali ya kijivu. Alikuwa analia kama mbuzi. Lakini alimnyooshea kidole mlinzi wake aliyekuwa na taya bovu.

"Piga picha," akasema. "Siyo mimi, mjinga. Piga ukuta."

Saa ya ukutani ya duka la mkabala ilionyesha tumebakiwa na chini ya saa nzima. Nilimvuta shati fundi, aliyekuwa nje anakusanya vifaa vyake. "Jenga! Jenga, nitakupa chochote, jenga!"

Fundi aliangalia tundu lile. Ng'ombe na ndama wake wangepita. "Dada yangu," akasema, "Mungu mwenyewe alichukua siku sita."

Nilichota udongo wa saruji kwa viganja, nikaanza kupanga mwenyewe. Tofali la kwanza, la pili, damu ya mdomo inadondokea humo humo. Kishoka naye akapiga magoti kando yangu, akawa ananipa matofali. Tulifika mstari wa tatu. Ndipo polisi wakaingia. Mkubwa wao akamwangalia meneja, akaangalia meno sakafuni, akasema hapa ni mahali pa tukio, mtu yeyote asiguse kitu.

"Afande, mpaka saa kumi na moja tu," binamu akambembeleza, miwani imevunjika. "Kuna mkataba."

"Weka tofali chini, mama," afande akaniambia.

Nililiweka. Walimfunga Kishoka pingu. Alipita mbele yangu, na usoni mwake, Mungu anisamehe kwa kusema, kulikuwa na kitu kama furaha.

"Nimemkomesha, dada. Umeona? Nimemkomesha."

"Umemkomesha," nikasema. "Sasa mwambie mama ahame."

Alikuwa hanitazami tena. Alikuwa anatazama mlangoni. Mama alikuwa amesimama pale na kitenge chake cha kutokea, kile cha sherehe, amekuja kutuchukua twende nyumbani.