Mpiga Solo wa Upande wa Pili

Jumamosi saa nne asubuhi Rusalia Adoyo alifunika cherehani yake, akamwachia jirani ufunguo, akaenda soko la Kibuye kumtafuta mtu wa kumtambua baba yake kwa vidole.

Mtu huyo alikuwa Tobias Nyawade, muuza santuri za zamani, mzee mwenye masikio makubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Jina la wimbo?" aliuliza.

"Silijui."

"Mwimbaji?"

"Simjui."

"Mama, umekuja kununua santuri au kupigiwa ramli?"

Rusalia hakucheka. Tangu mama yake afariki mwezi wa kwanza, alikuwa amesahau kidogo namna ya kucheka na watu. Alieleza kwamba baba yake, Zablon Ndiege, alipiga gita kwenye santuri moja tu, akafa barabarani akiwa na miaka ishirini na sita, yeye Rusalia akiwa bado tumboni. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Mama yake aliacha alama moja tu: gita linapopanda, mtu anapaza sauti, "Visigino juu! Ardhi ina moto!"

"Hiyo ninayo kwenye santuri tatu," alisema Nyawade. "Maneno ya kuchezesha watu ni kama kuku wa kijiji, analala boma lolote. Bendi moja ikiyapata, wiki ijayo wote wanayo. Lakini mkono hauibiki. Niimbie gita."

"Mimi si mwimbaji."

"Na mimi si daktari, lakini ukiumwa lazima useme panauma wapi."

Basi Rusalia akaliimba gita kwa pua, kama mama yake alivyoliimba akichambua dagaa wa omena, kila siku, miaka arobaini na mitano. Alifika kwenye maneno ya visigino, akanyamaza kidogo, akaendelea. Nyawade alikuwa amefumba macho.

Aliweka santuri ya kwanza. Wimbo ulianza taratibu, magita matatu yakisukana, tarumbeta nyuma yake. Waimbaji walipomaliza hadithi yao ndipo magita yakaongeza mwendo, mpiga ngoma akahamia kwenye sahani za shaba, na maneno ya visigino yakatoka.

"Rumba," alisema Nyawade, akainua sindano. "Hapa gita linangoja mwimbaji amalize. Wewe umeniimbia gita linalomfuata mwimbaji nyuma nyuma, likirudia maneno yake kama mtoto mtukutu. Hiyo ni benga. Ya huku kwetu."

Santuri ya pili ilikuwa benga kweli. Besi haikutembea, ilirukaruka, na gita la solo lilijibu kila mstari. Rusalia akasogea karibu. Nyawade akatikisa kichwa.

"Huyu anapiga nyuzi kwa kipande cha plastiki. Sikiliza, kila noti ina makali sawa. Mama yako alikuwa anaimba noti nzito na nyepesi, nzito na nyepesi. Ni kidole gumba chini na cha shahada juu, kama mpiga nyatiti, kinubi chetu cha huku. Mtu aliyeanzia kwenye nyatiti hata umpe gita la umeme, vidole vinakumbuka kwao."

Santuri ya tatu aliishika muda mrefu bila kuiweka. Aliwahi kuiuza mara mbili, na mara zote mbili ilirudishwa, kwa sababu wanunuzi walisikiliza upande wa kwanza, wakangoja maneno ya visigino, hayakutoka. Santuri ndogo hazibebi zaidi ya dakika tatu na kitu kila upande. Wimbo mrefu ulikatwa katikati, kuimba huku, kucheza kule.

Akaigeuza, akaiinamisha kwenye mwanga. Upande wa pili ulikuwa umepauka, na mahali pamoja, upana wa kidole kutoka ukingoni, palikwaruzika zaidi.

"Hapa ndipo watu walipokuwa wanarudisha sindano," alisema. "Santuri huchakaa pale ilipopendwa."

Akaiweka. Gita likapanda hadi noti za juu kabisa, nzito na nyepesi, nzito na nyepesi. Sauti ikasema visigino juu, ardhi ina moto. Na hapo mpiga solo aliacha pigo moja lipite tupu. Besi ikabaki peke yake. Kisha akarudi.

Rusalia alikaa chini juu ya kreti. Maisha yake yote alidhani mama yake alinyamaza pale kwa sababu ya pumu.

"Ndiye," alisema Nyawade. "Wengine wote hapo wanajaza. Huyu peke yake anawaachia wachezaji nafasi ya kuinua mguu."

Rusalia alilisoma jina kwenye karatasi ya katikati. Gita la solo: Kapteni Marenya. Mwimbaji: Kapteni Marenya. Mtunzi: Kapteni Marenya.

"Marenya alikuwa mwenye bendi," alisema Nyawade. "Gita alilishika wakati wa kupiga picha tu. Nenda nayo nyumbani, mama. Mimi sitakula pesa ya hiyo."

Alasiri ile Rusalia aliuwasha mtambo wa santuri wa mama yake, akasikiliza upande wa kwanza. Uliishia ghafla, katikati ya wimbo. Alipoinua sindano ili aigeuze santuri, kijana mwembamba alikuwa ameketi kwenye kochi, shati lake limelowa jasho, kucha za gumba na shahada ndefu.

Rusalia aliinua taa iliyokuwa kando ya kochi ili amwone vizuri. Kijana alikuwa na masikio kama ya Rusalia. Akashusha sindano upande wa pili, kijana akaondoka kwenda kupiga solo yake.

Siku ya pili alifanya hivyo tena, na safari hii hakuigeuza santuri. Jirani yake, Pilista, aliingia kuomba chumvi, akamsalimu kijana kwa mkono.

"Mgeni?"

"Baba yangu."

"Mbona kijana hivyo?"

"Alikufa kijana."

"Haya, mpe chai basi, usimkalishe koo kavu," alisema Pilista, akachukua chumvi, akatoka.

Rusalia alimletea chai. Kijana hakuigusa. Vidole vyake vilicheza juu ya goti.

"Wimbo uko nusu," alisema. "Watu wamesimama uwanjani wananingoja."

"Ndiege," alisema Rusalia. Kijana hakugeuka. "Zablon. Baba."

Alitazama nyuma yake, kuona ni nani anayeitwa.

"Unaitwa nani?" Rusalia aliuliza.

"Kapteni Marenya," alisema kijana, bila kujivuna, kama mtu anayetaja siku ya wiki. "Imeandikwa hapo."

Rusalia alichukua wembe wa kufumulia mishono, akaikwangua karatasi, akaandika kwa kalamu ya wino: Zablon Ndiege. Aliandika pande zote mbili. Kesho yake wino ulikuwa pale pale, mweusi na safi, na kijana aliulizwa tena, akajibu tena Marenya. Santuri za namna ile zilitoka elfu tatu, zote na jina la Marenya. Kurekebisha moja hakukutosha.

Rusalia alimweleza kijana habari za mkewe, yaani mama yake Rusalia, jinsi alivyokataa wanaume wawili, jinsi alivyokufa. Kijana alisikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mgonjwa wa mtu mwingine. Alisema pole. Akauliza kama upande wa pili uko tayari.

Ilimuuma Rusalia kuliko msiba wa mama yake wenyewe. Kwenye msiba, angalau watu walilia jina sahihi.

Alikaa siku nne bila kuuwasha mtambo. Nyumba ilikuwa na cherehani, kitanda na yeye. Siku ya tano alichana nywele, akafunga kitambaa kipya kichwani, akaweka upande wa kwanza, ukaimba hadi ulipokatika. Akainua sindano. Kijana alikuwa ameketi, uso ameuelekeza dirishani.

"Kapteni Marenya," aliita Rusalia.

Baba yake akageuka, akamtazama, akatabasamu.