Matobolwa ya Kilindoni

"Dada, wiki ya pili hii. Kila siku kesho, kesho. Kama wewe ni tapeli sema, nijue moja."

Ujumbe huo uliingia asubuhi, nikiwa natandika mkeka barazani kwetu, Tabora mjini. Aliyeuandika ni Ngassa, kijana wa Nzega anayeishi Dar es Salaam. Mwanzoni mwa Machi aliona picha ya matobolwa niliyoiweka mtandaoni kwa simu yangu, akalipia kilo tano siku ileile. Mimi nauza matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikauke. Watu wetu walioko mbali huvipenda kuliko keki. Navifunga vizuri, navipeleka stendi, basi linaondoka navyo.

Tatizo ni kwamba picha ile niliipiga Agosti. Machi nilikuwa sina hata kipande. Nilichokuwa nacho ni neno la Josepha, mama wa Sikonge anayenikaushia, aliyenipigia simu akasema gunia moja bado lipo. Nami nikauza gunia ambalo sijalitia mkono. Lilipofika nikalifungua, juu vipande vichache vizuri, chini dumuzi wamekula wamemaliza, wamebakiza unga. Na masika haya, ukianika kiazi leo, kesho kimeota ukungu. Mzigo mwingine ungepatikana wapi?

Ningemweleza hivyo tangu siku ya kwanza, yangekwisha. Lakini aibu ina maneno yake. Nikachukua sentensi ya mama mmoja anayeuza mikoba mtandaoni, nikaituma vilevile: "Mpendwa mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Mzigo wako unashughulikiwa."

Tunaomba, mimi na nani? Duka zima ni mimi, mzani na simu yenye ufa.

Ngassa hakukawia. "Usumbufu umejitokeza? Umejitokeza wenyewe, kama uyoga? Nakupa hadi jioni. Baada ya hapo nakuweka kwenye kundi letu la watu wa Tabora, wote wakujue."

Damu ikanipanda. Sikufichi, nina mdomo, hata mume wangu Eliya anajua. Nikaanza kuandika: kwanza usiniite tapeli, pili kama una njaa Dar kuna chipsi. Nilikuwa naandika huku nasema kwa sauti, na mama mkwe wangu, Kashindye, alikuwa kando yangu anachambua karanga kwenye ungo.

"Unagombana na nani?"

"Mteja, mama. Kilo tano tu za matobolwa, kelele utadhani nimemuibia ng'ombe."

Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Mwanne, mwanamume anayetafuta matobolwa masika haya, tena kwa hasira hivyo, anamtafutia nani?"

"Nitajuaje?"

"Hukumuuliza?"

Sikumuuliza. Nilimuuliza jina, namba, basi analotaka na kituo cha kupokelea. Mama mkwe akarudi kwenye karanga zake. Swali la Kashindye linachoma kuliko matusi. Nikafuta chipsi zote, nikaandika upya, polepole.

"Kaka Ngassa, habari za asubuhi. Mimi ni Mwanne, niko peke yangu, hakuna 'sisi'. Matobolwa sina. Sikuwa nayo hata siku uliyolipia. Niliambiwa lipo gunia, nikakuuzia kabla ya kulifungua, na lilipofika dumuzi walikuwa wamelimaliza. Hilo ni kosa langu, si la basi wala la mvua. Kila nilipokuambia kesho nilikuwa naona haya kusema ukweli. Hela yako nimeirudisha yote sasa hivi, angalia simu. Mapya yatakauka Julai, mvua zikishaisha, siwezi kukuahidi kabla ya hapo. Ukiniweka kwenye kundi, weka na ujumbe huu, wajue kosa lenyewe. Ila nina swali moja ambalo ningekuuliza mwanzo. Unamtafutia nani?"

Nikatuma. Alama mbili zikageuka bluu. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Baadaye ikaja sauti badala ya maandishi. Nilidhani nitasikia mtu mnene anayefoka. Kumbe sauti ya kijana, tena imechoka.

"Dada Mwanne, hela nimeiona. Sikuwa nataka hela. Mke wangu Julieth ana mimba ya miezi saba. Hakuna kinachokaa tumboni. Anakula udongo na barafu, basi. Kliniki wamempa dawa, wamesema uzito haupandi, ale chochote atakachoweza. Nikimuuliza anataka nini, anasema matobolwa. Mama yake ndiye alikuwa akimpelekea, na mama amefariki mwaka juzi. Nilipolipia nikamwambia yako njiani. Kila jioni nikiingia ananiangalia mikononi. Julai, dada... Julai mtoto ameshazaliwa."

Nilisikiliza mara mbili. Mara ya pili Kashindye alikuwa ameshasimama.

Aliingia jikoni akapanda kigoda. Juu ya mafiga, pale moshi unapopita, huning'inia kilindo chake cha gome la mti, na mfuniko umekazwa kwa kamba. Nimekiona tangu nilipoolewa, miaka sita sasa. Kila kiangazi anakijaza matobolwa mapya, ya zamani tunakula. Nilidhani ni akiba ya wageni. Wala sikuwahi kuyahesabu kwenye biashara, kwa sababu vitu vya mama si vyangu kuuza.

Akakishusha, akafungua. Harufu ya moshi na utamu ikajaa jikoni. Vipande vilikuwa vikavu, rangi ya kahawia, hakuna hata kitundu. Dumuzi hapendi moshi.

"Pima," akasema.

"Mama, haya si ya wageni?"

Alikuwa anafuta mfuniko kwa kanga yake, hakuniangalia. "Ni yako. Mkwe akishika mimba asije akatamani kitu masika akakikosa. Ndivyo mama mkwe wangu alivyoniwekea mimi."

Miaka sita. Kila mwaka alijaza, kila mwaka alishusha, na hakuniuliza hata siku moja mtoto yuko wapi. Nililia palepale, mbele ya mzani, nikiwa nimeshika mfuko wa plastiki kama mjinga. Akanishika bega.

"Nyamaza. Ya kwako nitakausha mengine. Huyu wa Dar ndiye mwenye njaa leo."

Yalikuwa kilo tatu na kitu. Tukaongeza karanga zake, nikaenda stendi, mzigo ukaondoka na basi la alfajiri iliyofuata. Ngassa aliuliza mara tatu atume kiasi gani. Nikamjibu kwamba ya kilindoni hayauzwi.

Siku mbili baadaye simu ikalia. Sauti ya kike, dhaifu kidogo, inaomba kuongea na mama. Nikaweka sauti kubwa, nikamsogezea Kashindye.

"Mwangaluka, mayu," ikasema. Ndivyo kwetu binti anavyomwamkia mama yake asubuhi.

Kashindye akaitikia. Halafu akauliza, "Umekula?"

"Nimekula, mayu. Yamekaa. Yananukia jiko la nyumbani." Tukamsikia anavuta kamasi. "Nimekula mengine tena."

Mtoto alizaliwa Mei, wa kike, na picha yake ndiyo iko kwenye simu yangu mahali palipokuwa na picha ya Agosti. Siku hizi siuzi gunia nisilolifungua.

Julai jua likatoka kama kawaida. Josepha akaleta viazi vibichi, safari hii nikachemsha mwenyewe, nikakata, nikaanika, na kundi zima la watu wa Tabora walikuwa wanasubiri, maana Ngassa kweli aliniweka kwenye kundi, pamoja na ujumbe wangu wote. Siku ya kuanua nilikuja na magunia na mzani. Kashindye alikuwa amenitangulia. Amekaa kwenye mkeka na kilindo katikati ya miguu, anachagua vipande vizuri, kimoja kimoja.

Nikaweka mzani chini, nikakaa, nikamsaidia kuchagua.