Barua ya Mwajiri

Saa mbili na dakika tano asubuhi, fundi friji alikuwa peke yake kwenye benchi la ofisi ya utumishi hospitalini. Nafasi ya kazi ya ufundi ilikuwa moja tu. Mkewe, aliyechoshwa na miezi isiyo na wateja, ndiye aliyempigia pasi shati.

"Barua ya mwajiri wako iko wapi?" aliuliza ofisa.

"Sina, mama. Nimejiajiri miaka tisa."

"Basi huna uzoefu."

"Friji yenu ya chanjo nimeitengeneza mara tatu!"

"Kama kibarua, baba. Kibarua hakihesabiwi. Funga kibanda chako cha ufundi, ujitolee hapa mwaka mmoja bila mshahara, nami nitakuandikia barua. Nafasi ikitokea tena, utaomba."

"Na mwaka mzima nyumbani tule barua?"

Kabla hajajibiwa, muuguzi alichungulia mlangoni. "Fundi, afadhali upo! Friji ya chanjo imegoma tena."

Fundi alichukua bahasha yake ya maombi mezani. "Tafuta mwingine wa kujitolea, mama."

Akitoka, kwenye daftari la wageni, safu ya mwajiri, aliandika "mimi mwenyewe", akakandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka.