Vilivyolala Kwenye Ini

Kasilda alifanyiwa mtihani wake wa mwisho kando ya kitanda cha mgonjwa. Shule yake ya uuguzi ilikuwa Gitega, lakini mazoezi yalikuwa hospitalini Muyinga. Mgonjwa ni Aisha, mke wa fundi cherehani, aliyeshikwa na malaria kwa mara ya tatu. Mama mkwe wake, Bi Zaituni, alikaa miguuni pa kitanda na chupa yake ya chai, hatikisiki.

"Mbu akiuma, vimelea vinakwenda wapi kwanza?" aliuliza Dokta Josephat, mtahini wake.

"Kwenye ini, Dokta. Vinazaliana kimya, homa hakuna. Kisha vinaingia kwenye damu na kupasua chembe nyekundu. Hapo ndipo mtu anatetemeka. Baadhi hugeuka vya kiume na vya kike, vikingoja mbu mwingine avifyonze."

"Bon. Mbona huyu kapona akaugua tena?"

"Ana malaria ya ovale. Aina hiyo huacha vingine vimelala kwenye ini. Dawa ya mseto husafisha damu, vilivyolala haivigusi."

"Dawa gani huvigusa?"

"Primakwini. Amepimwa G6PD, dawa haitavunja damu yake. Mimba nimemuuliza asubuhi, hana."

"Vizuri. Mpe."

Kasilda alimimina vidonge kiganjani. Mtihani umekwisha, diploma hii hapa. Ndipo Bi Zaituni alipofungua chupa, harufu ya chai ikasambaa, na Aisha akageukia ukutani na kuziba pua.

"Meza, mkamwana," alihimiza Bi Zaituni.

Kasilda alifumba kiganja. Asubuhi alimuuliza Aisha mbele ya nani? Mbele ya huyu huyu mama. Mimba changa haitajwi mbele ya mkwe. Kasilda mwenyewe aliificha yake ya kwanza.

"Dokta, nafuta jibu langu."

"Jibu sahihi unalifuta? Unataka kurudia mwaka?"

"Dawa ni sahihi. Mgonjwa nilimuuliza vibaya. Naomba Bibi atupishe."

"Mi nitoke? Huyu iko mtoto yangu!"

"Ni wako, Bibi. Toka kidogo."

Alitoka, akinung'unika. Aisha alishika kitambaa chake kwa vidole viwili.

"Miezi mbili. Ile ya mbele ilitoka, mi niliogopa kusema."

Kipimo cha mkojo kilikubali. Dokta alimtazama Kasilda bila kutabasamu. "Sasa?"

"Primakwini hapana. Damu ya mama imepimwa, ya mtoto nani kaipima? Inaweza kuvunjika. Leo tunatibu damu kwa mseto, halafu klorokwini kila wiki, vikiamka vizuiwe. Ini litangoja ajifungue, anyonyeshe."

"Umefaulu. Ila nakupunguza alama. Kuuliza mbele ya mkwe! Na wewe ni mama."

"Punguza, Dokta."

Mlangoni Bi Zaituni alikuwa amesimama na chupa yake.

"Unaniambia nini, we muuguzi?"

"Homa inatibika, Bibi. Mengine atakuambia mwenyewe."

Bi Zaituni aliangalia chupa, kisha akamchungulia Aisha kitandani.

"Basi nitaenda kumwaga hii chai," alisema taratibu. "Nitamletea uji."