Makao ya Marceline

Aïcha hakuuonea haya wivu wake. Alisema wazi kwamba kuolewa na mjane atakubali, lakini kulala katika chumba cha marehemu, hata siku moja. "Uza ile nyumba kwanza, papa Urbain," alimwambia. "Tutajenga yetu." Urbain aliitikia, maana upweke ulikuwa umemchosha na liboke la samaki wa majanini analompikia Aïcha lilikuwa linalika vizuri. Tofauti ya dini walikwisha kuizungumza; ndugu za Aïcha walinung'unika, kisha wakanyamaza.

Meza ya Aïcha ya kuandikia watu barua na hati iko karibu na ofisi ya serikali ya komini ya Mangobo, pembeni mwa mtu wa fotokopi. Watu humletea maneno yao, naye anayavalisha nguo ya kutokea. Ijumaa hiyo Urbain alikuja na kazi tatu kwa mpigo: tangazo la kuuza nyumba, hati ya mauzo, na beti la kusomwa siku ya kuondoa matanga ya mkewe Marceline. Hilo la tatu Aïcha alilipokea kwa ncha za vidole.

Akaanza na tangazo. *Nyumba ya kuuza. Matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, bati jipya, kisima uani.*

"Tia pia ni pale bibi yangu Marceline alikuwa anacheka," Urbain akasema.

"Mununuzi ananunua ukuta, papa. Kicheko cha mutu hakiingie mu bei."

Alisema kweli, na alifurahi kuisema. Mwenye kutafuta nyumba anataka kujua paa linavuja au halivuji. Akalibandika neno *nyumba* juu, kwa herufi kubwa, na roho yake ikatulia.

Hati ilikuwa ya Kifaransa, ikiuliza *domicile* ya muuzaji. Urbain alidhani inauliza nyumba ile ile inayouzwa.

"Hapana. Nyumba iko kule juu, mu maelezo ya mali. Hapa wanauliza makazi yako: avenue, numero, quartier. Pale serikali inaweza kukupata. Nyumba unaiuzisha, makazi unahama nayo."

"Alors, niandike wapi?"

Aïcha alingoja. Alitamani aitaje avenue yao mpya, ile ambayo hata kiwanja hawajapata. Urbain akakuna kidevu.

"Andika palepale. Si bado niko naishi pale?"

Ndivyo sheria inavyotaka, mtu anaandika anapoishi siku anapotia sahihi. Aïcha akaandika, huku moyo wake ukichemka kama sufuria ya majani ya pondu. Marehemu hana hata kidole cha kunyooshea mtu, na bado anamshinda!

Likabaki beti. Akalitunga upesi, kwa hasira, akalisoma: "Marceline, mkaaji mwema wa makazi yetu, nyumba ya vyumba vitatu inakukumbuka."

Mtu wa fotokopi akaangua kicheko. Urbain hakucheka.

"Mama Aïcha, umemuandikia bibi yangu sawa vile anaomba attestation ya makazi ku komini."

Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Kuonewa huruma angevumilia. Kuambiwa kazi yake mbovu, mbele ya jirani, hapana. Wivu ni wivu, lakini meza ni meza. Akaikunja ile karatasi, akachukua nyingine.

"Niambie. Ukirudi jioni, unafanya nini kwanza?"

"Ninapiga hodi," Urbain akasema polepole. "Mbele ya kufungua. Najua hakuna mutu. Ninapiga tu."

Aïcha aliinamia karatasi. Neno *nyumba* alilikataa, *makazi* akalikataa pia. Yote mawili yalikuwa na mlango wa mbao tu. Alipomaliza, alisoma kwa sauti ya chini:

*Makao si matofali, wala bati la juani;*
*Umelala huko mbali, bado ungali nyumbani.*

Urbain alijifuta uso kwa mkono wa shati, kisha akanyoosha mkono mezani, akalichukua tangazo na hati, akavikunja pamoja vikawa vidogo kabisa.

"Sitaiuzisha," akasema. "Unisamehe. Nilifikiri ni ukuta."

Aïcha alitaka kulia, akakasirika badala yake. Alimchukia Marceline, akajichukia mwenyewe kwa kujua kazi yake, akamchukia Urbain kwa kumwuliza kinachofuata, tena kwa upole wote:

"Siku ya matanga, utakuja kulisoma wewe? Mimi nitashindwa."

Akamsukumia karatasi ya beti mpaka ukingoni mwa meza.

"Mupatie Agathe, dada ya Marceline," akasema. "Mimi nimekwisha kumujengea makao. Nisimufungulie na mulango."