Nitegee Hiyo A2 Yako

Sikia hii, uishike vizuri: kwetu nina jina, hata mbuzi wa sokoni wananijua, nikivushwa maji, nafika bubu, watu wananigeuza mbele na nyuma wakiona wino tu. Mimi ni nani? Hapana, usinipe mji bado. Koko Marthe, aliyekitega kitendawili hiki, alikuwa hajakitunga asubuhi ile aliposhuka kutoka Fizi kwenda Baraka na mjukuu wake Aline.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka tisini na nane. Vita ya kwanza, ile iliyoibadilishia Zaire jina, ilikuwa imekwisha, ndivyo watu walivyosema, lakini walisema kwa sauti ndogo. Kituo cha afya alikofanya kazi Aline kilikuwa kimebaki kuta, hata milango ilibebwa. Sasa hospitali moja ya misheni ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, ilikuwa imejaa wakimbizi wa huku, akina mama wanaojifungua wakilia kwa Kibembe na manesi wasielewe kitu. Hospitali ikatuma watu wawili Baraka kutafuta muuguzi. Kazi ilikuja na chumba. Chumba hicho ndicho kilichomtoa Aline Fizi, maana alikuwa ameapa hatavuka maji akimwacha koko wake nyuma, na koko alikuwa ameapa hatalala kwenye hema.

"Banaweza kukuuliza umesoma nini," Koko alisema njiani, fimbo mkononi. "Utajibu nini?"

"Mi niko A2, Koko."

"Na kama hawajue A2?"

Aline alicheka. "Nani hajue A2? Hata we unajua!"

"Mi najua ju nilikulipia kwa mihogo, muke mwenzangu. Bale hawakuuza mihogo."

Kule parokiani Baraka, watu wa hospitali walikofikia, Aline aliitwa ndani. Koko akaketi barazani, chini ya dirisha lililo wazi, akajifanya anasinzia. Masikio yake hayakulala.

Waliokaa mezani walikuwa Matroni Constance, mama mnene mwenye sauti ya kubembeleza, na katibu wa hospitali, Bwana Nicolas, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Elimu yako, dada?" aliuliza katibu.

"Niko A2."

"A2 ndiyo nini? Umemaliza kidato cha sita?"

"Hapana. A2. Ya wauguzi. Ile ya jury."

Koko alisikia karatasi ikigeuzwa mbele, ikigeuzwa nyuma.

"Imeandikwa Kifaransa," alisema katibu, "na muhuri wa Zaire, nchi yenyewe imeshabadilisha jina. Hii namba naisoma. Hamsini na nane kwa mia. Mbona ulianguka karibu nusu?"

Koko alimjua Aline: akiumizwa, mutoto huyu humeza ulimi tangu akiwa na meno ya maziwa.

"Lugha," alisema Matroni haraka, kama anayefunika sufuria inayomwagika. "Naona kwenye fomu umeandika nne: Kibembe, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza. Zote umeandika 'vizuri'."

Katibu akamuuliza Aline kitu kwa Kiingereza. Kifupi tu. Koko alisubiri sauti ya mjukuu wake. Akasubiri.

"Kiingereza unakijua kiasi gani, mwanangu?" Matroni aliuliza taratibu.

Koko alisikia viatu vya Aline vikisuguasugua sakafu.

"Tupumzike kidogo," alisema Matroni. "Kanywe maji. Hatujamaliza."

Aline alitoka macho mekundu, akakaa chini kando ya fimbo ya koko.

"Banasema nilianguka, Koko! Mi wa tatu darasani! Kila mutu aliandika 'bien', vizuri, kwenye lugha zote, njo desturi, prefe mwenyewe, mukubwa wa shule, alitufundisha hivyo. Twende nyumbani."

"Nyumbani gani, yenye milango?" Koko alimfuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kunywa. Kisha unisikilize, nimepata kimoja kipya." Akamtegea kile cha jina linalofika bubu.

Aline alifikiri, hakutaka kucheka, akacheka. "Diplome."

"Eeh! Haya, zamu yako. Nitegee hiyo A2 yako. Lakini ukitaja jina lake, umeshindwa. Nani anategaga kuku kwa kusema kuku? Unasema analala wapi, anakula nini, anafanya nini. Mi ni mama wa Kigoma, sijue kitu."

"Koko, ile ni kazi, haiko michezo."

"Tega!"

Aline alianza kwa kunung'unika, kama watu wanavyosoma sala ya chakula. Katikati akaacha kunung'unika. Mwishoni alisimama mwenyewe, akanyoosha sketi, akarudi ndani bila kuitwa.

"Mama," alisema, "naomba nianze upya. Msinihesabie lile jina. Kwetu tunasoma primaire miaka sita. Halafu sekondari miaka miwili ya kila mtu. Halafu mimi niliingia shule ya wauguzi, miaka minne. Asubuhi hospitalini, mchana darasani. Nimefunga vidonda, nimechoma sindano, nimezalisha, mwalimu akisimama nyuma yangu. Mwishoni kuna mtihani wa taifa, ndiyo ile jury. Iko na ngazi ya juu yangu, wanasoma miaka mitatu tena, ile sina. Na iko ya chini yangu. Mimi niko katikati."

"Aa," alisema Matroni. Kiti chake kililia akisogea karibu na meza. "Na hii hamsini na nane?"

"Kwetu hamsini umepita. Walimu wetu ni wagumu, mia ni ya Mungu. Aliyeongoza darasa letu alipata sitini na mbili."

Bwana Nicolas alicheka, lakini cheko la kujicheka mwenyewe. "Samahani, dada. Nilikupima kwa kibaba cha kwetu."

"Mama amejifungua," alisema Matroni, "damu haikomi. Uko peke yako na mhudumu mmoja."

"Namtuma aite mkubwa. Mimi nasugua tumbo mpaka kizazi kiwe kigumu kama ngumi. Nachoma ocytocine, dawa ya kukaza kizazi. Namtoa mkojo, maana kibofu kikijaa kizazi hakikazi. Naangalia kondo la nyuma kama limetoka zima. Kama limetoka, naangalia kama amechanika. Na ninamsemesha wakati wote, asiogope."

"Kwa lugha gani?"

"Ile anayolilia."

Nje, Koko alishika mdomo kwa mikono miwili.

Matroni aliweka karatasi mezani. "Nikueleze ukweli, Aline. Mpaka vyeti vitafsiriwe na Baraza la wauguzi la kwetu likutambue, utakuwa msaidizi, chini ya sista. Inaweza kuchukua muda. Chumba ni kimoja, na huyo bibi anayekohoa dirishani anaweza kulala humo."

"Mi sikukohoa!" alisema Koko kutoka nje.

"Lakini kuna jambo moja," Matroni aliendelea, na sauti haikubembeleza tena. "Chati zetu zimeandikwa Kiingereza. Nesi anayejifanya anasoma, huyo simpi mgonjwa. Nilikuuliza, hukunijibu. Kiingereza unakijua kiasi gani?"

Koko alifunga macho.

"Naweza kusoma jina la dawa na kipimo chake kwenye chupa," alisema Aline. "Chati nzima, hapana. Mtu akiniongelesha, siambulii kitu. Niliandika 'vizuri' kwa mazoea. Futeni, muandike 'kidogo sana', na mpaka nijue, nitakuwa ninauliza kabla sijagusa mgonjwa."

Kalamu ikakwaruza karatasi, na Matroni akasema, "Huyu nitampa mgonjwa."