Nyonga ya Kushoto

Ijumaa hiyo alasiri fundi alikuwa na uchovu ule usioondoka kwa kukaa. Kwa wiki tatu mfululizo alikuwa ameshona sare za shule, sketi za marinda juu ya sketi za marinda, hata akifumba macho alale anayaona marinda yakipita moja moja kama watu kwenye foleni. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba. Kidole gumba, kile cha kushikia mkasi, kilikuwa kimekufa ganzi tangu Jumanne, naye alikuwa ameacha kukisikitikia.

Nyuma ya pazia, mwalimu alikuwa akijaribu suti yake. Mbele ya pazia, juu ya kigoda, alikaa dada yake mkubwa, mwanamke wa maneno mengi, amepakata kipochi kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi.

"Fundi, mbona kimya huko ndani?" dada aliuliza. "Sketi imemmeza?"

"Inapanda vizuri tu," mwalimu alijibu, kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi na kuizuia.

Fundi aliijua sauti ile. Nguo inayokaa vizuri haimbani mtu pumzi.

Pazia lilipofunguliwa, hakuhitaji kuuliza. Koti la buluu iliyoiva lilikuwa limepanda begani upande wa kushoto, na kutoka begani mikunjo ilishuka kwa mshazari hadi kifuani, kama nyuzi zinazovutwa. Sketi ilikuwa mbaya zaidi. Nyongani kushoto kitambaa kilikuwa kimekazana hadi kinang'aa, mshono wa ubavuni umekimbilia mbele, na pindo la upande huo limenyanyuka vidole viwili juu ya mwenzake. Upande wa kulia kila kitu kilikuwa shwari. Ungemtazama mwalimu kwa kulia tu, ungesema fundi ana mikono ya dhahabu.

Na huo ndio ulikuwa upande aliopima.

Siku kumi nyuma, mwalimu alipokuja na kitambaa, fundi aliona. Mtu aliyeshika futi miaka ishirini na minane haoneshwi mwili. Anausoma mtu akiwa bado mlangoni. Aliona uti wa mgongo uliopinda tangu utotoni, bega la kulia limelala chini ya lile la kushoto, nyonga ya kushoto imetokeza na kupanda. Aliona pia namna mwalimu alivyojigeuza aliposogelewa na futi, akatoa ubavu wa kulia mbele kama mtu anayepigwa picha. "Nipimie huku, mama," alisema. "Huku ndiko kuzuri."

Fundi akakaa kimya. Alijiambia ni adabu. Kilema cha mtu hakitajwi mbele yake. Lakini leo, mbele ya ile mikunjo, alijua kwamba adabu ilikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa uchovu. Kupima pande mbili ni kupima watu wawili, na siku ile hakuwa na nguvu ya mtu wa pili. Alipima kutoka mgongoni kati hadi tumboni kati, kwa kupitia nyonga ya kulia, akapata sentimita arobaini na tisa. Akazidisha kwa mbili. Akachukua karatasi ya kukatia ya namba arobaini na mbili, akaweka chaki, akakata. Na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kidogo, akaacha mshono mwembamba ubavuni, upana wa kidole kimoja, badala ya vile vidole viwili alivyofundishwa kuacha.

Kitambaa chenyewe hakikuwa na ndugu. Walimu wenzake walimnunulia mwisho wa jora, siku ilipotangazwa kwamba yeye ndiye atakuwa mwalimu mkuu. Jumatatu asubuhi angesimama mbele ya wanafunzi mia saba, na waliompa kitambaa wangekuwa wamesimama pembeni wakimtazama ndani yake.

"Nimekunenepea, eti?" mwalimu alisema, akijaribu kucheka.

"Hujanenepa," fundi alisema.

"Si nilisema mimi?" Dada alinyanyuka kigodani. "Nilisema tangu mwanzo. Huyu mtoto namnunulia nguo tangu mama yetu afariki, nami namjua. Mvalishe namba kubwa, kubwa kabisa, mwili upotelee humo. Mambo ya kubana kiuno ni ya watu walionyooka."

"Dada."

"Nasema uongo?"

"Namba kubwa ingemwangukia bega hili la kulia," fundi alisema taratibu, "na kumfanyia mfuko tumboni. Angekuwa kama amevaa nguo ya mtu mwingine."

"Na hii si ndiyo ya mtu mwingine?" dada alimjibu, na ilikuwa kweli. Alikuwa amemshonea mwanamke mwenye pande mbili za kulia. Mwanamke huyo hakuwapo duniani.

Mwalimu alikuwa ameanza kufungua vifungo. Hakulia wala hakulalamika. Alifungua kimoja kimoja kwa vidole vya mtu aliyekwisha kufanya kazi hiyo katika vyumba vingi vya kujaribia nguo. "Basi, mama," alisema. "Nitavaa gauni langu lile la kijivu. Nitawaambia fundi aliugua."

Fundi angeweza kuipokea zawadi ile. Angeketi. Badala yake alisikia hasira ikimpanda, na haikuwa hasira ya mwalimu wala ya dada. Ilikuwa yake mwenyewe juu ya mkono wake mwenyewe.

"Fundi hakuugua," alisema. "Fundi alikupima upande mmoja kwa sababu ulimpa upande mmoja, naye akaona hivyo ni rahisi. Kosa ni langu. Vua koti, baki na shimizi. Na leo usinigeuzie ubavu."

Dada alirudi kukaa kigodani.

"Mficha uchi hazai," fundi aliongeza, polepole. "Nami leo ni mkunga wako. Simama."

Mwalimu akasimama, wima kama askari, mabega yamelazimishwa kulingana.

"Hivyo sivyo unavyosimama. Simama kama unavyosimama darasani saa ya mwisho, wamekuchosha."

Hapo mwalimu alicheka kweli, na katika kucheka mwili ukaachia. Bega la kulia likashuka mahali pake. Nyonga ya kushoto ikatoka mahali pake. Fundi alifunga utepe kiunoni, akachukua uzi, akafunga ufunguo kwenye ncha yake, akauning'iniza kutoka shingoni nyuma ili upate mstari wa kati usiofuata mgongo. Kisha akapima kila upande kutoka kwenye uzi ule. Kulia arobaini na tisa. Kushoto hamsini na tatu. Akapima kutoka shingoni hadi ncha ya bega, kisha kila bega lilivyoshuka. Akapima kutoka kiunoni hadi sakafuni, kwa kupitia juu ya nyonga, kulia na kushoto. Kushoto palihitaji kitambaa zaidi kwa sentimita tatu.

"Namba huchaguliwa kwa upande mkubwa," alisema akiandika, labda akimwambia mwalimu, labda akijikumbusha. "Mkubwa ukiingia, mdogo unapunguzwa. Mdogo ukitangulia, mkubwa hauna pa kwenda."

"Sasa huu mkubwa utaenda wapi?" dada aliuliza. Safari hii aliuliza kweli.

Fundi aligeuza sketi, akautazama mshono wa kushoto. Kidole kimoja. Hapakuwa na cha kuachia. Mezani kulibaki vipande vidogo, vya kumtosha mwanasesere tu, na mkanda wa koti, uliokwisha kukatwa lakini haujashonwa: mrefu, upana wa kiganja, umekatwa kwa kufuata urefu wa kitambaa kama sketi yenyewe.

"Ule mkanda," alisema. "Uliutaka sana?"

Mwalimu aliutazama. Alikuwa ameuomba yeye mwenyewe, kwa kuchora kwenye daftari la wanafunzi, na kifungo chake cha mviringo. Hakuwahi kuwa na nguo ya mkanda.

"Niliutaka," alisema.

"Ndio utakaoingia ubavuni. Kushoto patakuwa na mishono miwili badala ya mmoja. Kwenye jua itaonekana kwa anayetafuta."

"Watoto wa darasa la nne wataiona kabla sijasema hamjambo," mwalimu alisema. Akamsogezea fundi ule mkanda. "Kata."

Jumamosi fundi hakugusa sare. Alifumua ubavu wa kushoto, akaingiza mkanda kuanzia kiunoni, mwembamba juu, ukipanuka nyongani hadi sentimita nne, kisha ukashuka hivyo hadi chini. Alilifungua pindo, akalishusha upande wa kushoto tu. Kwenye koti alifumua mabega yote mawili, akaachia mshono kwenye ncha, maana koti zima lilikuwa limekatwa kwa bega la chini. Kisha bega la kulia akalitilia sponji, na la kushoto akaliacha na mfupa wake. Alipopiga pasi, kidole gumba hakikuhisi joto, akakumbuka kukiondoa kwa kuuona mvuke tu.

Mwalimu na dada yake walipofika alasiri, suti ilikuwa inaning'inia kwenye kiango. Dada aliiona kwanza.

"Yarabi. Fundi, imekwenda upogo. Tazama pindo, tazama mabega. Mtu anaomba asaidiwe, unamshonea nguo iliyolewa?"

Na kwenye kiango ilikuwa imekwenda upogo, hilo hakuna wa kulikana. Fundi hakujitetea. Aliitoa, akamkabidhi mwalimu, akavuta pazia, akakaa kwenye kigoda cha dada bila kuomba ruhusa.

Mwalimu alitoka taratibu akiwa amevaa na viatu vya Jumatatu. Fundi alipiga magoti, magoti yakalia, akasimamisha rula sakafuni, akazunguka nayo. Pindo lilikuwa sawa na sakafu pande zote. Mikunjo ya begani ilikuwa imekwisha. Nyonga ya kushoto ilikuwapo, haikufichwa, ila kitambaa kiliipita bila kugombana nayo.

"Vuta pumzi," fundi alisema.

Mwalimu alivuta, akashusha. Alikaa, akainuka, sketi ilirudi chini yenyewe. Kisha alijitazama kiooni, kwanza kulia, kwa mazoea. Akageuka kushoto, akakaa huko muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya ile mishono miwili, kutoka kiunoni hadi alipofikia mkono.

Mwishowe dada alisema, "Angeiona mama," kisha akaanza kutafuta kitu ndani ya kipochi, kitu ambacho hakikuwamo.

"Nikufungie kwenye karatasi?" fundi aliuliza.

"Hapana, mama. Nitaenda nayo hivi hivi. Niizoee kidogo kabla hawajaniona."

Wakatoka. Fundi alibaki mlangoni akiegemea mwimo. Mwalimu alikuwa akitembea kama siku zote, kwa ule mwendo wa kupanda na kushuka, bega moja mbele ya jingine. Hilo sindano haikuligusa wala haikujaribu. Pindo la sketi lilifuata mwendo wake bila kuvuta upande. Kwenye kona alisimama kupisha baiskeli, akageuka, na ubavu wake wa kushoto ukawa kwenye jua. Hakuharakisha.

Fundi alirudi ndani, akavua viatu, akainyoosha miguu yake juu ya mafungu ya sare, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu akaiacha cherehani imefunikwa.